Mrejesho: maoni yanayogongana kwenye slaidi

Niliuliza: "Mhasibu anataka namba zaidi kwenye rasimu ya slaidi, meneja anataka zipunguzwe. Nimfuate nani?"

Wakuu, nimerudi. Maoni yote 31 niliyaweka kwenye jedwali moja: slaidi, aliyesema, anachotaka, uamuzi. Kumbe mengi ni tahajia na rangi. Yaliyogongana kweli ni mawili tu.

Slaidi ya 6 ndiyo iliyonitesa. Nilimuuliza mhasibu anahofia nini hasa, akasema bodi itambana kuhusu gharama za kila mwezi. Basi slaidini nimeacha jumla tu, mchanganuo wa miezi umeenda kwenye kiambatisho. Wote wakakubali. La pili, bei, nilimwachia mkurugenzi aamue, maana ndiye atakayewasilisha.

Jedwali niliwatumia wote kabla sijagusa slaidi yoyote. Meneja bado analalamikia rangi.