Naomba ushauri: barua kwa mkuu wa shule kuhusu kemikali za bei nafuu

Habari zenu walimu wenzangu. Namwandikia mkuu wa shule barua nikipendekeza siki ya dukani itumike kwenye taitresheni ya kidato cha tatu. Siki ya 5% nachukua mililita 120, naongeza maji hadi lita moja, napata kama 0.1 M. Nilijaribu na magadi ya kuokea, kiashiria kikiwa maji ya rozela: wekundu ulififia polepole, kila kikundi kikapata kipimo tofauti kwenye bureti. Siki na magadi vyote ni dhaifu, nadhani ndiyo sababu.

Sasa nafikiria kostiki ya watengeneza sabuni, gramu 4 kwa lita, ila inanyonya unyevu hewani.

Mnapimaje ukali wake halisi kwa gharama ndogo? Na fenolftalini niiombe kwenye barua hiyohiyo?