Tupeane uzoefu: mchanganyiko mmoja wa keki, vikombe vidogo na vikubwa, wanga wa kila kipande mnaupataje?

Mama Nuru, Tabata

Habari za jioni wapendwa. Mwanangu ana miaka 9 na ana kisukari cha aina ya kwanza, kwa hiyo kila anachokula lazima nijue kina wanga gramu ngapi kabla ya sindano. Jumamosi nilioka. Nilikuwa na vikombe vidogo vya karatasi 12 nilivyonunua Kariakoo, na treyi ya mafini yenye matundu makubwa 6. Mchanganyiko ulikuwa mmoja: unga wa ngano gramu 300, sukari 200, mayai 3 ambayo bila maganda yalikuwa gramu 150, mafuta ya kula 120, maziwa 240, beking pauda 10.

Nilipiga hesabu ya wanga wa bakuli zima nikapata kama gramu 441. Nikagawanya kwa 18, ikaja 24 na nusu. Mtoto akachagua mafini kubwa, nikamhesabia 24 na nusu. Baada ya saa mbili kipimo kilikuwa juu sana, na siku hiyo hakula kingine cha kunitia shaka. Naomba wenye uzoefu mniambie ninyi mnafanyaje vikombe vikitofautiana. Namba za bakuli zima nina hakika nazo.

Mpishi wa Sinza

Pole dada. Namba zako nimezipitia, ziko sawa. Nami napata wanga 441, protini 57, mafuta 145 na kalori kama 3,300. Kosa lako ni kugawanya kwa idadi ya vipande. Kugawanya kwa idadi kunafaa vipande vikilingana tu.

Mimi naoka kwa oda, na wateja wawili wanahesabu makro, yaani wanga, protini na mafuta, kwa hiyo hili nimelifanya mara nyingi. Gawanya kwa uzito wa mchanganyiko mbichi. Viungo vyako vyote vinafika gramu 1,020, na beking pauda imo humo, maana ina uzito hata kama wanga wake ni wa kupuuza. 441 kwa 1,020 ni 0.432. Yaani kila gramu ya mchanganyiko mbichi ina wanga 0.432. Sasa kinachobaki ni kujua umetia gramu ngapi kwenye kila kikombe. Je, ulipima?

Mama Nuru, Tabata

Nilipima vichache kwa kubahatisha. Vidogo vilikuwa karibu 35, vikubwa karibu 95.

Mpishi wa Sinza

Basi tazama. Vidogo 12 vya gramu 35 ni 420, vikubwa 6 vya 95 ni 570, jumla 990. Gramu 30 zilibaki kwenye bakuli na mwiko, ni kawaida. Kidogo kina wanga kama 15. Kikubwa kina 41. Ulimhesabia 24 na nusu, pengo ni zaidi ya gramu 16. Kwa kalori, kidogo ni kama 113, kikubwa kama 307, wakati kugawanya kwa 18 kungekupa 183 kwa vyote.

Usigawanye kwa 990, gawanya kwa 1,020. Kilichobaki bakuli kimeondoka na wanga wake, hakikuhamia kwenye vikombe.

Namna ya kupima: ukiweka treyi juu ya mizani inaficha kioo, na treyi nzito inaweza kuzidi uwezo wa mizani. Mimi naweka bakuli la mchanganyiko kwenye mizani, mwiko ukiwa ndani, narudisha sifuri. Nachota, natia kikombeni, narudisha mwiko bakulini, nasoma. Ikiandika -35 ujue kikombe kimepokea 35. Mwiko usipourudisha, uzito wake utahesabika kama keki. Mwisho jumlisha vikombe vyote na mabaki, zifike 1,020. Zikipungua 50, kuna kiungo ulichokipima vibaya, mara nyingi ni maziwa yaliyopimwa kwa kikombe cha chai.

Kaka wa Mbezi

Mbona mnajisumbua? Mimi nafanya mazoezi, nahesabu kalori kila siku. Naoka kwanza, zikipoa napima kipande kimoja na kuzidisha kwa kalori za gramu moja, yaani 3,300 kwa 1,020. Mafini ya gramu 85 mara 3.235, ni 275. Imekwisha.

Mpishi wa Sinza

Kaka, kupima baada ya kuoka ni sawa, lakini hiyo 3.235 ni ya mchanganyiko mbichi. Ile mafini iliingia oveni na gramu 95, ikatoka na 85. Zile 10 ni maji yaliyokuwa mvuke, kalori hazikutoka nazo. Kwa hiyo bado ni 307, wewe umeandika pungufu ya 30 kwa kila kipande.

Ukitaka kupima zilizoiva, pima zote. Kwa mfano wa dada, vidogo vikitoka na gramu 30 na vikubwa 85, jumla ni 870. Ondoa kwanza mabaki ya bakuli, wanga uliookwa ni kama 428. 428 kwa 870 ni 0.49. Kidogo kitasoma chini kidogo ya 15, kikubwa kama 42. Inakaribia sana. Haifanani kabisa kwa sababu kikombe kidogo hukauka zaidi kuliko kikubwa, ukilinganisha na uzito wake.

Kaka wa Mbezi

Hapo nimeelewa. Basi miezi yote hiyo nilikuwa najipunja kwenye daftari. Ila kupima zilizoiva siachi, kwangu vipande vinakatwa na watu kabla sijaviona.

Shangazi wa Kigamboni

Wanangu, vidogo na vikubwa msiviweke oveni kwa wakati mmoja mkavitoa pamoja. Vidogo vitaungua. Nyuzi 180, vidogo dakika 16 au 17, vikubwa mpaka 24. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu toa.

Mama Nuru, Tabata

Asante shangazi, hilo nalo lilinikuta, vidogo viwili vilikuwa vigumu juu. Wanga wake umebadilika?

Mpishi wa Sinza

Haujabadilika, kama ulipima mbichi. Hiyo ndiyo sababu naipenda njia ya mbichi: kikauke kisikauke, namba ni ile ile.

Bi Zuwena, Temeke

Mmesahau aisingi. Mimi napaka ya siagi, sehemu moja ya siagi kwa mbili za sukari ya unga. Hiyo ni kama kalori 5 kwa gramu. Gramu 20 juu ya kikombe kidogo ni kalori 100, karibu sawa na keki yenyewe, na wanga unaongezeka 13 hivi. Mkono hautoi aisingi kwa kufuata ukubwa wa keki. Kila kipande kipimwe kabla na baada ya kupaka.

Kijana wa Mbagala

Na mkitia zabibu? Kwangu zinazama chini ya bakuli, vikombe vya mwisho vinajaa zabibu, vya kwanza havina. Uzito ni ule ule lakini wanga siamini uko sawa.

Mpishi wa Sinza

Uko sahihi, wanga hauko sawa. Mimi mchanganyiko naugawa bila zabibu, halafu natia gramu 5 za zabibu kwenye kila kikombe. Ila ndizi iliyopondwa sijapata dawa yake, utamu wa ndizi hubadilika na kuiva kwake. Aliyepata njia aseme.

Mama Nuru, Tabata

Leo nimerudia bila zabibu wala aisingi. Nimeandika gramu za mbichi kwa kalamu chini ya kila karatasi, 35, 34, 36. Jumla na mabaki ilifika 1,017. Mtoto amekula kidogo kimoja, nimehesabu 15, na dozi ni ile tuliyopewa kliniki. Kipimo cha baada ya saa mbili kimekaa ndani ya kiwango chake. Kubwa tutajaribu Jumamosi, nitaleta majibu.