Barua pepe moja, spelingi mbili: bosi kanirudishia, nichague ipi?

Binti Kondoa: Wakuu, habari za leo. Nafanya kazi kwenye taasisi ndogo hapa Dodoma, tunafundisha mabinti ushonaji. Jana niliandika barua pepe kwa mfadhili wetu aliyeko Boston, nikamchapia bosi aipitie kabla sijatuma. Kairudisha imejaa maduara ya wino mwekundu, na pembeni neno moja tu: "Chagua." Kuangalia, kumbe aya ya kwanza nina "programme" na "organised", aya ya tatu "program" na "center". Palipozungumzia vitambaa, sentensi moja ina "colour" na "color" kwa pamoja! Kinachoniuma ni kwamba Word haikunipigia mstari mwekundu hata mmoja. Shule tumefundishwa ya Uingereza, mfadhili ni Mmarekani. Nifuate ipi?

Kijana wa Posta: Mbona rahisi. Mmarekani mpe Kimarekani. Toa u kwenye "colour", "centre" iwe "center", kila penye -ise weka -ize. Dakika tano umemaliza.

Karani Mstaafu: Hapo kwenye "kila" utamponza mwenzio. "Supervise", "exercise" na "advise" zina s huku na huko. Ukiandika "supervize" umekosea London na umekosea Boston. Na z si mali ya Wamarekani peke yao. Kamusi ya Oxford yenyewe hutanguliza "organize". Tazama jina la shirika la kazi la Umoja wa Mataifa: International Labour Organization. "Labour" ina u, "Organization" ina z, na hakuna aliyechanganya; ni mtindo mmoja wa Kiingereza cha Uingereza. Ila hao hao wakifika kwenye "analyse" wanarudi kwenye s.

Binti, kuhusu mstari mwekundu: kuna sehemu ulinakili kutoka kwingine ukabandika?

Binti Kondoa: Ndiyo, kutoka kwenye fomu ya mfadhili. Hata hiyo "color" imetoka huko.

Karani Mstaafu: Basi ndiyo sababu. Word haiwekei barua nzima lugha moja, inaweka kwenye kila kipande cha maandishi. Ulichoandika wewe kina alama ya English (United Kingdom), ulichobandika kimekuja na English (United States), na kila kipande kinakaguliwa kwa kamusi yake. Vyote vinapita. Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua moja. Hakikisha "Do not check spelling or grammar" haina tiki. Mistari itajitokeza.

Salma Saluni: Afadhali mada hii imekuja. Bango langu limeandikwa "Hair Saloon", mteja ananicheka. Si ndiyo ya Kiingereza cha Uingereza hiyo?

Karani Mstaafu: Hapana dada yangu, hayo ni maneno mawili tofauti. Ya nywele ni "salon" kotekote. "Saloon" ni baa, au gari dogo la abiria.

Salma Saluni: Mungu wangu, na rangi nimelipia.

Mtafsiri wa Ngara: Narudi kwenye swali. Mimi namfuata anayenilipa: fomu ikiwa ya Kimarekani, kila kitu Kimarekani.

Karani Mstaafu: Kwa fomu yake sikatai. Lakini barua ni ya taasisi, na ripoti zenu zote nadhani ni za Uingereza. Mwakani akija mfadhili wa Uingereza mtageuka tena? Majina tu ndiyo hayaguswi. Centers for Disease Control and Prevention inabaki na "Centers" hata kwenye barua ya Mwingereza.

Mtafsiri wa Ngara: Wewe hujawahi kunyimwa fedha, mzee.

Binti Kondoa: Bosi kasema Uingereza, kama ripoti zetu. Nimefanya Ctrl+A: zimewaka "center" mbili, "color" na "traveled". Lakini "organized" imekaa kimya, na "program" pia!

Karani Mstaafu: Zitakaa kimya. Ukiweka Uingereza, Word inakubali "organise" na "organize" zote, haijali kama umezichanganya. Na "program" ni neno halali Uingereza, ila la kompyuta. Mradi wenu ni "programme". Ndivyo ilivyo hata kwa "check" na "cheque": kila moja ni neno, mashine haijui ulikusudia lipi. Hapo tumia Ctrl+F, tafuta "organiz", kisha "program", upitie moja moja kwa macho.

Binti Kondoa: Nimepata "program" mbili, moja hata bosi ilimpita. Nimerekebisha, nimetuma. Asanteni sana.

Mtafsiri wa Ngara: Na tarehe ya mafunzo uliiandikaje?

Binti Kondoa: 05/06.

Mtafsiri wa Ngara: Wewe una maana 5 Juni. Boston watasoma 6 Mei.

Binti Kondoa: Ngoja nimpigie bosi.