Faida milioni 180, benki inadai zaidi: naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Kuna kampuni ya vifaa vya ujenzi Kariakoo inatafuta mbia, na hesabu zake za mwaka zinanitia wasiwasi. Faida baada ya kodi ni milioni 180, ila ovadrafti imepanda kutoka milioni 50 hadi 200.

Nimeirudisha faida kwenye fedha taslimu hivi: 180, naongeza uchakavu 40 kwa kuwa hautoi hela mfukoni. Natoa ongezeko la madeni ya wateja 210 na la mzigo stoo 130, halafu naongeza 30 ambazo wao wenyewe hawajawalipa wasambazaji. Inabaki hasi 90. Ukitoa lori jipya la 60, ni hasi 150, sawasawa na ovadrafti ilivyoongezeka.

Mwenyewe anasema ni kukua tu. Lakini mauzo yamepanda kutoka bilioni 1 hadi 1.2, yaani asilimia 20, wakati wadaiwa wametoka milioni 190 hadi 400. Mteja aliyekuwa analipa kwa siku 69 sasa anachukua 122. Na VAT ya ankara hizo TRA haisubiri mteja alipe.

Nimeomba orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, naambiwa "inaandaliwa". Mliowahi kukagua biashara za namna hii: madeni yaliyopita siku 90 mnayakata kiasi gani kwenye faida? Na mzigo uliolala mnautambuaje bila kuingia stoo?