Mke ana siku 23 tangu ajifungue, damu imerudi nyekundu na mabonge

BabaKulwa: Wakuu, tupo Nansio, Ukerewe. Mke alijifungua kawaida. Damu ilipungua vizuri, wiki ya pili ikawa ya kahawia, ikabaki kidogo sana. Jana jioni imerudi nyekundu kabisa. Tangu saa mbili usiku amebadili pedi tatu kwa saa mbili, na kuna bonge kama yai la kuku. Akisimama anaona kizunguzungu. Mama anasema ni damu ya arobaini, nisihangaike. Nisubiri meli ya asubuhi niende Mwanza?

Shangazi_Igoma: Mimi hedhi ilirudi mapema hivyo hivyo. Apumzike, anywe uji.

MkungaMstaafu: Shangazi, hedhi haimlazi mtu chini kwa kizunguzungu. Damu ya uzazi hufifia kadiri siku zinavyokwenda. Ikirudi nyekundu na kujaza pedi ndani ya saa moja, kuna kitu. BabaKulwa, usisubiri meli. Mpeleke sasa hivi hospitali ya wilaya hapo hapo Nansio, wamwekee dripu na wapime damu. Mwanza ni baadaye, wao wakiona haja. Mtoto aende naye, na mtu wa kumtolea damu awe karibu. Ana homa au harufu?

BabaKulwa: Harufu kidogo. Homa sijui. Tunatoka.

Kijana_Kirumba: Ni kondo limebaki. Nunua vidonge vile vya kusukuma kizazi, anameza anamaliza.

MkungaMstaafu: Huenda kondo ni kweli, lakini vidonge hivyo vinatolewa na daktari baada ya kumwona. Mtu anayevuja hivi haachwi nyumbani na vidonge.

MamaDoto: Mimi nilidhani kondo pia, kumbe kizazi kilikuwa na maambukizi tu. Antibayotiki, nikapona bila kusafishwa.

BabaKulwa: (saa tisa mchana) Tulifika usiku ule ule. Damu yake ni 7.1, ameongezewa chupa mbili. Ultrasaundi imeonyesha kitu ndani ya kizazi. Daktari alisema kinaweza kuwa bonge la damu au kipande cha kondo, picha haitenganishi vizuri. Kwa kuwa alikuwa bado anatoka damu, walimpa antibayotiki kisha wakamsafisha kwa kufyonza. Kimetoka kipande kigumu, cheupe-cheupe. Sasa damu ni kidogo. Nauliza: mkunga hakuangalia kondo siku ile?

MkungaMstaafu: Labda, labda hapana. Kondo huweza kuonekana zima wakati kijipande cha pembeni, kilichounganishwa kwa mishipa tu, kimebaki ndani. Ukikagua ngozi ya kondo unaona mshipa uliokatika ukingoni, lakini usiku na kwa taa hafifu hupita. Wakikipeleka kipande maabara, omba majibu. Na akirudi kuvuja au homa ikipanda, rudi siku hiyo hiyo. Kizazi baada ya kuzaa ni laini, hata kusafisha kunaweza kukitoboa.

Shangazi_Igoma: Basi na mimi hedhi yangu ile... Ngoja niulize.