Naomba ushauri: rimainda za bustani nifuate tarehe au mvua?

Habari zenu wakuu, niko Mikindani, nina kibustani cha bamia na mchicha nyuma ya nyumba, nataka kuweka rimainda kwenye simu ila huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na zikichelewa simu italia ardhi bado kavu. Nimewaza nihesabu kuanzia siku ninayosia mbegu: palizi wiki ya 2, mchicha kuvuna wiki ya 4, bamia kama siku ya 50 halafu kila baada ya siku 2, maana bamia ukilichelewesha linakomaa nyuzi tupu, kisu hakipiti. Sasa mvua ikikatika Februari, palizi ya pili niisogeze au nipalilie tu magugu yasininyang'anye maji? Wa Kusini mnafanyaje jamani?