Naomba ushauri: mbio za kupokezana chaki, jedwali la 7

Habari zenu walimu. Nafundisha darasa la nne, watoto 48. Nawapanga mistari sita. Kila mtoto anakimbia ubaoni, anajibu swali moja, anarudi kumpa mwenzake chaki. Mwanzoni maswali yalifuatana, kumbe walikuwa wanaongeza 7 tu kwenye jibu lililotangulia: mmoja aliandika 7 × 4 = 27, waliofuata wakaandika 34, 41, 48! Sasa nayachanganya.

Lakini 7 × 8 ikimwangukia asiyeijua, wenzake wanampigia kelele mpaka analia, au wanamnong'oneza. Nimeruhusu mtoto atumie zamu yake kusahihisha jibu la mwenzake. Imesaidia kidogo, ila wanaosahihisha ni walewale wepesi. Nyie mnafanyaje?